Pembe zilibebwa begani, je funza alipandia wapi?

Haya ni yale niliyoongea Jumamosi hapa Tabora baada ya kijana wetu kumaliza mada yake ya biashara ya misafara. Projekta ilikuwa inapiga kelele na waliokaa nyuma wanasema hawakusikia vizuri, wakaniomba niandike, basi nimeandika kama nilivyoongea pamoja na maswali ya watu, sijanyoosha sana.

Wazee wangu mwangaluka, shikamooni, na nyie wengine habari za asubuhi. Kwanza nimpongeze aliyewasilisha maana kazi ya ramani ameifanya kweli, njia ile ameichora vizuri, Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, hapa Unyanyembe halafu Ujiji, na bidhaa zake amezitaja kwa majina yake ya zamani, merikani ile ya kutoka Marekani, kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki, na upande wa pili pembe na watumwa. Hapo sina ugomvi. Mimi nimepewa kazi ya kuuliza maswali, na maswali yangu yote yako kwenye ile slaidi ya mwisho iliyoandikwa "mengineyo", ambayo imekaa sekunde kama 20 hivi ikapita. Iliandikwa hivi: pamoja na bidhaa, lugha, dini, mazao na magonjwa vilienea.

Vilienea. Jamani, hili neno vilienea ndo limenikalisha hapa mbele. Pembe haikuenea, pembe ilibebwa begani na mtu, pembe moja kubwa au mzigo wa kilo kama 30 na ushee, na mtu huyo alikuwa analipwa, anakula posho, anaumwa miguu, tunajua alilala wapi. Sasa kwa nini tukifika kwenye ugonjwa au lugha ghafla hakuna mtu tena, kinaenea chenyewe kama mafuta kwenye karatasi? Kama kilipita kwenye njia basi kuna mtu alikibeba, kwa hiyo ukiniambia kitu fulani kilikuja na misafara nitakuuliza mambo matatu tu: nani alikibeba, kinaweza kukaa ndani ya huyo mtu kwa siku ngapi kabla hakijafa au hakijamuua, na kilikuwa kinaelekea upande gani. Hilo la siku ndo watu hawaliulizi kabisa, na mimi naona ndo lenye utamu.

Tuanze na kipindupindu maana mwenzetu amekitaja na mshale wake ameuchora kutoka Zanzibar kwenda bara. Chukua hesabu ndogo. Msafara wenye mizigo unatembea wastani wa kilomita 15 kwa siku, siku nyingine zaidi, siku nyingine hautembei kabisa. Kutoka Bagamoyo mpaka hapa ni kama kilomita 800, yaani ukitembea bila kupumzika ni siku 53, na hakuna aliyetembea bila kupumzika, ilikuwa miezi miwili au mitatu. Sasa mtu akinywa maji yenye kipindupindu anaanza kuharisha ndani ya saa chache mpaka siku 5, na zamani zile bila dawa wengi walikufa siku hiyohiyo au kesho yake. Siku 5 mara kilomita 15 ni kilomita 75. Mpagazi aliyeambukizwa Bagamoyo hafiki hata Mpwapwa! Wapo wanaobeba vimelea bila kuumwa, hao wanaweza kwenda mbele kidogo zaidi, lakini hata hao siyo miezi miwili.

Kwa hiyo hakuna mtu mmoja aliyekileta kipindupindu Tabora. Kilikabidhiwa njiani kama mara 10 au 11 hivi, kambi kwa kambi, na mahali pa kukabidhiana ni moja tu, kwenye maji. Na hapa ndo biashara yenyewe inaingia, maana Ugogo maji ni shida na watemi wa Ugogo walikuwa wanatoza hongo, siyo rushwa ya leo bali ushuru wa kupita, msafara haupiti wala hauchoti maji mpaka mmekubaliana vitambaa vingapi, na mazungumzo ya hongo hayakuwa ya dakika tano, mnakaa siku mbili, tatu, nne, msafara wa kupanda na msafara wa kushuka mnakutana hapohapo, mamia ya watu, dimbwi moja. Mpagazi anayeumwa ana sehemu gani ya kwenda kujisaidia usiku? Mtu akisema hongo ilikuwa kero ya wafanyabiashara nakubali, ila ilikuwa pia ndo inayopanga ugonjwa ukae wapi.

Dada mmoja hapo mbele akauliza swali zuri sana, akasema na pale Marenga Mkali je, ile nyika isiyo na maji kati ya Mpwapwa na Ugogo, si ingekatisha ugonjwa? Nikamwambia fikiria mwenyewe, ile nyika ni kama kilomita 48, wenyewe walikuwa wanaipita kwa terekeza, yaani mnapika na kula mapema, mnaanza kutembea mchana, mnalala bila maji njiani, asubuhi mnamalizia. Siku mbili. Kipindupindu kina siku 5. Kinavuka bila shida na siku zinabaki. Ingekuwa nyika ya siku nane hapo tungezungumza mengine.

Sasa mshale. Mshale wa kutoka Zanzibar kwenda bara siyo makosa, ila haujatimia, na hapa kuna kesi ambayo naipenda. Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Zanzibar, na wakati huo kila mtu alijua kipindupindu kinakuja na meli. Alikuwepo daktari mmoja Mskochi pale Zanzibar, James Christie, alikuwa anamtibu Sultani, baadaye mwaka 1876 akaandika kitabu kizima juu ya jambo hili. Kilichomshangaza ni kwamba safari hii ugonjwa haukuanzia bandarini. Ulianzia Pangani, na Pangani ulikuja kutoka bara, kutoka Umasaini. Akafanya kitu ambacho mimi naona kila mwanafunzi wa historia angefanya, akaenda kuwauliza wafanyabiashara wa misafara wenyewe waliorudi, mlikuwa wapi, mlikuta watu wanakufa wapi, mwezi gani, halafu akawa anarudi nyuma kituo kwa kituo, Pangani, Umasaini, kaskazini zaidi mpaka Uhabeshi, mpaka pwani ya Bahari ya Shamu, mpaka kwa mahujaji wa Makka. Yaani ugonjwa ulizunguka nchi kavu ukatokea nyuma ya nyumba wakati watu wote wanachungulia mlango wa mbele!

Halafu ukageuka. Kutoka Zanzibar na miji ya pwani ukapanda njia hii yetu, na mwaka uliofuata, 1870, Livingstone akiwa Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika anaandika habari za kipindupindu huko. Pwani mpaka Ujiji tu ni zaidi ya kilomita 1,200, siku 80 za kutembea mfululizo, ongeza mapumziko na hongo na kuvuka ziwa, unapata miezi kadhaa, na ndivyo ilivyokuwa. Hicho ndo kipimo kingine, ugonjwa wa msafara hauwezi kwenda haraka kuliko miguu. Ukikuta umefika siku 10 baada ya kuanza pwani basi ujue ni ugonjwa mwingine, au kuna mtu kakosea tarehe.

Ndui nayo ipo kwenye slaidi, imewekwa mstari mmoja na kipindupindu kama mapacha. Siyo mapacha hata kidogo. Ndui inakaa ndani ya mtu siku kama 12 kabla hajaonyesha chochote, anatembea, anabeba mzigo, anaimba na wenzake. Siku 12 ni kilomita 180, na akishaanza kuumwa bado anajikokota. Haihitaji dimbwi la maji, inahitaji watu kulala karibu karibu. Ndo maana ndui iliweza kwenda mbali ndani ya msafara uleule mmoja. Wale wasafiri Waingereza, Burton na Speke, mwaka 1857 walikutana milimani Usagara na msafara unaoshuka pwani ambao ulikuwa umepoteza watu wapatao 50 kwa ndui, na wengine walikuwa bado wanatembea nao na madonda yao, wakina mama na watoto migongoni, anayeshindwa anaachwa kando ya njia. Ule ulikuwa unatoka bara kwenda pwani, mnaona? Tena mshale uko kinyume na wa slaidi.

Kuna kaka akanikatisha hapo, akasema mzee mbona unaongelea magonjwa tu, tumekuja kusikia utamaduni. Nikamwambia vumilia bado mmoja, na huyu anatembea na miguu ya watu kikwelikweli.

Funza. Mwenzetu amesema funza waliletwa na Waarabu kutoka pwani. Nimelisikia hili hata mtaani, lakini ukilipima linaanguka. Funza asili yake Amerika ya Kusini, alishuka Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili, pwani ya magharibi huko, na akavuka Kongo na misafara na wasafiri mpaka maziwa makuu kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890, halafu akashuka na njia hii, na Zanzibar kafika karibu na mwaka 1898. Angekuwa katoka pwani, Zanzibar ingekuwa ya kwanza kulia. Ilikuwa ya mwisho! Yaani huyu alipita njia yote ya msafara kinyumenyume, kutoka kwenye mwisho wa njia kuja kwenye mwanzo wake, na ni mpaka misafara ya upande wa Atlantiki na misafara ya upande huu ilipokutana ndani ya Kongo ndipo alipopata njia ya kupita. Kabla ya hapo asingeweza, palikuwa na pengo katikati.

Na angalia siku zake. Funza jike akishaingia kwenye kidole anakaa humo wiki mbili tatu akiwa hai, anavimba, anadondosha mayai kidogo kidogo. Mpagazi ndo kamkodishia nyumba. Kilomita 200 mpaka 300 anapelekwa bure, na kila kambi mayai yanadondoka kwenye vumbi palepale ambapo kesho msafara mwingine utalala bila viatu. Kipindupindu kinataka dimbwi, ndui inataka pumzi ya jirani, funza anataka vumbi la kambi na mguu mtupu, na mtu anayejua kambi zilikaaje anaweza kukuambia kwa nini vitu hivi vitatu vilipita njia moja kila kimoja kwa namna yake. Tena mpagazi mwenye funza wabaya hawezi kutembea, na msafara wenyewe ulikuwa ni miguu, kwa hiyo mgonjwa mmoja siyo shida yake peke yake, mzigo wake lazima abebe mwingine au ubaki.

Haya, sasa utamaduni, nisije nikapigwa. Lugha. Slaidi inasema Kiswahili kilienea kwa sababu ya Waswahili na Waarabu waliokuja kukaa Tabora na Ujiji. Nakubali nusu. Uliza nani alikibeba. Waarabu waliokaa Kwihara hapa Tabora na Ujiji walikuwa wachache, na waliokaa wamekaa, hawasambazi kitu mbali na nyumba zao. Waliokuwa wanakwenda na kurudi ni wapagazi wa Kinyamwezi, babu zenu hapa, wanaondoka kiangazi baada ya mavuno, wanashuka pwani, wanarudi wawahi mvua walime. Mtu wa namna hiyo lugha haifi ndani yake baada ya siku 5 wala 12. Anaibeba maisha yake yote, anarudi nayo kijijini, mwakani anaenda nayo upande mwingine, Karagwe, Buganda, Katanga. Kwa hiyo nikitaka kupima nani kasambaza Kiswahili sitatafuta maneno ya kifalme na ya dini peke yake, nitatafuta maneno ya kazi: kambi, mzigo, posho, safari, mnyapara.

Chukua posho. Kwenye msafara posho ni kile unachopewa ule, kibaba cha nafaka kwa siku au kitambaa ukabadilishe chakula mwenyewe. Leo ukienda Uganda ukaagiza posho unaletewa ugali. Wenyewe hawasemi ugali, ni posho. Neno limetoka kwenye mgao likawa chakula chenyewe. Ila hapa lazima niwe mkweli na kipimo changu, maana hapa kinagota. Posho ilitumika pia na wajenzi wa reli, na jeshi, na mashule, na reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikaapa kwamba posho ya Kampala ilipita Tabora kwa miguu. Inawezekana sehemu yake, inawezekana imepandia treni. Na hii iwe tahadhari kwa mwenzetu, reli ya kati imefika hapa Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, imepita karibu palepale ilipopita misafara. Kitu chochote mnachodai kimekuja na misafara lakini ushahidi wake wa kwanza ni wa baada ya 1912, mimi nitauliza kama hakikuja na behewa.

Halafu akasimama mama mmoja, mwalimu mstaafu nadhani, akauliza swali ambalo sikutegemea. Akasema wewe unasema bidhaa huku na vitu vingine kule, je watumwa unawaweka wapi? Ukumbi ukanyamaza. Ni kweli, kwenye slaidi watumwa wako kwenye listi ya bidhaa, na kwenye daftari la mfanyabiashara ndivyo walivyoandikwa, idadi na bei. Nilimjibu kwa mtu mmoja.

Pale Bagamoyo alikuwepo Sheikh Ramiya, jina lake kamili Yahya bin Abdallah. Kazaliwa Manyema, Kongo, akachukuliwa akiwa mtoto, akateremshwa njia hii yote mpaka Bagamoyo, akawa mtumwa katika nyumba ya liwali, mmoja wa kina El-Lamki. Kwa daftari hadithi inaishia hapo, bidhaa imefika sokoni. Lakini huyu mtoto akasoma, akafanya biashara, akawa mwanazuoni na khalifa, yaani kiongozi, wa tariqa ya Kisufi ya Qadiriyya, na Bagamoyo ikawa mahali ambapo watu wanakuja kwake kuchukua ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha, na kuhudhuria zikri kutoka sehemu nyingi, na wengi wao walikuwa watu wa bara, watumwa na watoto wa watumwa na wapagazi, ambao kwa waungwana wa mji walikuwa washenzi tu. Waingereza walipokuja akafanywa liwali wa Bagamoyo, kiti kilekile cha nyumba iliyomnunua. Kafariki 1931.

Sasa pima. Slaidi inasema Uislamu ulitoka pwani kwenda bara. Je huyu aliyesomesha pwani alitoka wapi? Katoka Manyema, mwisho kabisa wa njia, zaidi ya Ujiji. Aliposhuka hakubeba Uislamu, ni kweli, aliupata pwani. Lakini sababu ya watu wa bara kuukubali kwake ilikuwa ni yeye alivyo, mtu aliyepita walikopita wao, na hilo halikununuliwa sokoni wala halikuandikwa. Mama akaniambia, kwa hiyo hajibiki kwa mshale. Nikasema ndiyo mama, huyu mshale wake unakwenda halafu unarudi ukiwa kitu kingine, na ramani yetu haina rangi ya kuchora hilo. Ningependa aliyewasilisha aondoe watumwa kwenye listi ya bidhaa, au awaache hapo lakini awaandike tena upande wa pili, wa waliobeba. Akakubali, akaandika kwenye simu yake.

Muda ukawa umeisha lakini mzee mmoja akang'ang'ania maiki, akasema na utani je? Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, je hilo nalo lilibebwa? Nikafurahi maana hili nilikuwa nalo mfukoni. Utani mwingine chanzo chake ni vita kati ya majirani, mlipigana mkapatana mkataniana. Sasa Wanyamwezi na Wazaramo wamepakana wapi? Kati ya hapa na Uzaramo kuna Ugogo nzima na Usagara nzima, hamjawahi kugombania mpaka wala malisho. Kitu pekee kilichowakutanisha ni ile njia, mnashuka mmechoka mnaingia nchi ya mtu, mnahitaji chakula na mahali pa kulala, na mwenzenu akifa huko ugenini anahitaji mtu wa kumshika maiti na kumzika ambaye siyo ndugu na siyo adui. Mtani ndo huyo. Umbali wenyewe ndo ushahidi wangu. Kwa Wagogo na Wahehe sisemi hivyo, hao ni majirani, hao waulizeni vita vyao.

Mzee akatikisa kichwa, akasema baba yake alipofariki Dar es Salaam kabla ndugu hawajafika na basi kutoka huku, alikuja Mzaramo mmoja wa mtaani wasiyemjua vizuri, akajilaza kwenye jeneza, akasema haliondoki hapa mpaka alipwe, watu wanalia huku wanacheka, akapewa elfu mbili, ndo akaamka akawa wa kwanza kushika jembe. Akasema, sikuwahi kujiuliza yule alikuwa anadai deni la nani.